Kopo limevimba, mnaniambia "tarehe bado"? Supamaketi za Arusha mnatutakia nini?

Mama Kijenge:
Wadau, leo mtanivumilia, nina hasira.

Kuna supamaketi hapa mjini, jina naliacha. Karibu na kaunta wameweka tenga limeandikwa OFA NUSU BEI. Ndani kuna maharage ya kopo, samaki wa nyanya, mahindi, uyoga. Mengi yamebonyea. Sawa, kubonyea si kosa la jinai, makopo yanatoka Dar kwenye lori na barabara tunazijua. Lakini nimeokota kopo la uyoga, kifuniko kimetuna kama tumbo la mbuzi aliyevamia gunia la mahindi. Nikakibonyeza kwa kidole gumba, kikaingia "tok!", na cha chini kikatokeza. Nikabonyeza cha chini, cha juu kikarudi.

Nikamwita kijana wa pale. Hata kifuniko hakukitazama. Akaligeuza, akasoma mhuri: "Mama, BB ni mwezi wa nane mwakani. Tarehe bado." Nikamwambia asikilize huo mlio. "Limebonyea tu mama, ndiyo maana tumeshusha bei." Nikaomba meneja. Meneja naye kaja, kasoma mhuri uleule, kaniambia lilelile!

Sasa mtu anieleze. Hiyo BEST BEFORE mtengenezaji ameiweka akiwa na kopo zima mkononi, limefungwa sawasawa, litakalokaa mahali pakavu kama alivyoandika. Anaahidi ladha na ubora mpaka siku hiyo. Hakuahidi chochote kuhusu kopo lililopigwa chini stoo likavimba. Kopo likishaharibika, ile tarehe ni wino tu.

Na si hapo tu. Upande wa jokofu wana soseji na jibini walizozifungua wenyewe, wakazikata na kuzifunga upya kwa nailoni. Stika inasema PKD, tarehe ya leo. Imefungashwa leo, haya, lakini pakiti kubwa ilifunguliwa lini, na USE BY yake iko wapi? Ile ndiyo tarehe ya kuogopa, ikipita huuzi wala huli hata kama kinanukia vizuri. Wao wameitupa na karatasi lake, wakabaki na stika inayofanya kila kitu kionekane kipya kila asubuhi.

Kopo nimelinunua makusudi ili niwe na risiti. Liko kwenye ndoo nje, halijafunguliwa.

Chuga Boy:
Mama hasira zote za nini, hiyo ni fizikia tu. Arusha tuko mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kitu kikifungwa Dar kikipanda huku kinavimba. Angalia pakiti za krispi, zote zimetuna kama puto na tunakula kila siku.

Mama Kijenge:
Basi makopo yote ya rafu ile yangevimba, mbona ni ya tengani tu?

Fundi wa Kusindika:
Nimefanya kazi kiwanda cha makopo miaka mingi kabla ya kustaafu, nichangie kidogo.

Kijana ana hoja, ila ameipeleka mbali. Mgandamizo wa hewa Arusha ni pungufu kwa takribani asilimia 15 kuliko pwani, na krispi ndiyo sababu zinatuna. Pakiti yake ni laini na imejazwa hewa. Kopo ni jambo jingine. Linafungwa chakula kikiwa cha moto, hewa ikiwa imefukuzwa na mvuke. Likipoa, ndani panabaki na mvuto, vifuniko vinavutwa kuingia ndani. Mvuto wa kopo zuri unatosha kuhimili tofauti ya Dar na Arusha, na bado kifuniko kikabaki bapa au kimebonyea kidogo kuelekea ndani. Lililojazwa kupita kiasi linaweza kutokeza huku juu bila kuwa na ubaya, ni kweli. Lakini wewe mnunuzi utalitofautishaje na lenye gesi ya bakteria ukiwa umesimama dukani? Huwezi. Hata mimi siwezi bila maabara.

Hilo la "tok" upande huu na kutokea upande wa pili ndilo tulikuwa tunalitenga kwanza. Likiendelea, vifuniko vyote vinatuna na vinabonyea kidogo kama mpira. Mwisho vinakuwa vigumu, kidole hakiingii kabisa. Hapo linaweza hata kupasuka.

Na uyoga ndio unanitisha zaidi. Hauna uchachu, sawa na maharage, mahindi na samaki. Kuna bakteria anaitwa klostridiamu botulinamu, mbegu zake zinahimili maji yanayochemka, na anapenda mahali pasipo hewa. Ndani ya kopo la namna hiyo anatoa sumu inayolegeza misuli. Nyanya na nanasi ni tofauti kidogo, uchachu wake unaweza kula bati na kutoa gesi ya haidrojeni, kopo likavimba bila bakteria. Hilo nalo situmii.

Neema wa Sakina:
Jamani mimi nina swali, chumvi yangu haina tarehe kabisa, niitupe?

Fundi wa Kusindika:
Chumvi na sukari kwa kanuni za kimataifa za lebo hazilazimiki kuwa na tarehe ya mwisho. Itunze pakavu tu.

Mama Abdul:
Kwetu tulikuwa tunachemsha. Unafungua, unachemsha dakika kumi, sumu inakufa. Kutupa chakula ni dhambi.

Fundi wa Kusindika:
Mama, sumu yenyewe kweli inavunjika kwa moto wa kutosha. Tatizo ni kabla ya sufuria. Kopo lenye gesi ukilitoboa linaruka mikononi, usoni, kwenye kibao cha kukatia kachumbari. Na sumu hiyo mara nyingi haina harufu, kwa hiyo kuonja kidogo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Dalili huja mara nyingi kati ya saa 12 na 36, pengine siku kadhaa: kope zinalegea, unaona vitu viwili viwili, kumeza kunakuwa kazi. Homa mara nyingi hakuna, ndiyo maana watu wanadhani ni uchovu. Hapo ni hospitali mara moja.

Dereva wa Moshi:
Mimi nabeba makopo. Yakibonyea tumboni dukani wanakataa, wanatukata hela. Sasa yote ni mabaya?

Fundi wa Kusindika:
Hapana. Bonyeo la tumboni, pana na laini, lisilo na kona kali, kula tu. La kukataa ni lililogusa mshono, yaani ule ukingo wa juu au wa chini kifuniko kinapokunjwa na mwili, au mstari wa ubavuni. Pale mkunjo ukiachia hata kwa upana wa unywele, ule mvuto wa ndani unafyonza hewa na uchafu. Pia bonyeo lenye kina ambalo kidole kinalala ndani, au lenye ncha kali.

Chuga Boy:
Sawa mzee, nimeelewa. Ila nusu bei bado tamu.

Mama Kijenge:
Kale wewe. Mimi kesho napeleka kopo na risiti TBS, ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko hapahapa mjini. Meneja kanipigia eti nirudishe nipewe jingine. Nikirudisha si litarudi tengani? Kuna aliyewahi kupeleka kopo moja tu, walilipokea, au walimtaka alete na mengine ya shehena hiyohiyo?

Dereva wa Moshi:
Namba ya shehena iko kwenye mhuri karibu na tarehe, ipige picha kabla hujalitoa mikononi.