Kikundi cha Ukoo wa Bibi Tatu: kodi ya Mwajuma

Jumamosi

Mwajuma (Tabata): Shikamooni wakubwa. Naomba ushauri. Mkataba wangu unaisha tarehe 31 Agosti. Jana baba mwenye nyumba kaja, kasema kuanzia Septemba kodi ni 360,000 kwa mwezi, na anataka ya miezi sita kama kawaida. Sasa hivi nalipa 300,000. Miaka mitatu nimekaa pale sijawahi kumsumbua. Naweza kumwomba apunguze au ndiyo nikubali tu?

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Pole. Kama wanakufukuza njoo na watoto, chumba cha uani kipo, nakitoa mahindi leo hii.

Mwajuma: Ahsante shangazi, sijafukuzwa. Ni kodi imepanda tu.

Hamisi: Hawezi kupandisha hivyo dada. Kuna sheria ya kodi za nyumba, inabidi aende kwenye baraza kwanza apewe kibali. Mwambie hivyo hivyo, atanywea.

Mjomba Shabani: Hamisi, sheria hiyo ilikuwepo kweli, ya mwaka 1984, na mabaraza yake yalikuwepo. Ilifutwa mwaka 2005. Leo kodi ni makubaliano yenu wawili. Ukimpelekea sheria iliyofutwa na yeye akaulizia kwa mtu anayejua, umepoteza heshima kabla hamjaanza kuongea. Mwajuma, mkataba wako unasemaje kuhusu kupandisha?

Mwajuma: Shikamoo mjomba. Unasema "kodi inaweza kubadilika mkataba unapoisha, kwa taarifa ya mwezi mmoja". Basi.

Mjomba Shabani: Marahaba. Basi amefuata mkataba, kakupa karibu miezi miwili. Usimwendee kama mtu aliyekosewa, nenda kama mtu wa biashara. Nina vyumba vinne Mbagala, nakwambia upande wa pili ulivyo. Mwenye nyumba hasemi usiku "huyu mpangaji ni mwema". Anachowaza ni nyumba kukaa tupu. Piga hesabu: anataka nyongeza ya 60,000, mara miezi sita ni 360,000. Ukihama, nyumba ikakaa tupu mwezi mmoja tu kwa bei yake mpya, 360,000 imekwenda. Nyongeza yote ya nusu mwaka imeliwa. Na hajapaka rangi bado, na hajui anayekuja ni nani.

Hamisi: Si ndiyo hapo! Mwambie unahama.

Mjomba Shabani: Asiseme hivyo mpaka awe tayari kuhama kweli. Mwajuma, ukihama leo inakugharimu nini?

Mwajuma: Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, tuseme 320,000 kwa nyumba kama yangu. Gari ya mizigo na vijana wa kubeba kama 150,000. Jumla 470,000.

Mjomba Shabani: Na ukikubali 360,000 unaongeza 360,000 kwa miezi sita. Kwa nusu mwaka kuhama ni ghali kuliko kubaki. Kwa mwaka mzima utaongeza 720,000, hapo kuhama kunalipa, ukipata nyumba ya bei ya zamani. Yeye naye anaweza kuzijua hesabu hizi, wenye nyumba wengi wanazijua. Kwa hiyo tishio la kuhama kwa sasa halina meno. Lenye meno ni urefu wa muda.

Rehema (Nairobi): Habari zenu jamani. Huku tunalipa kila mwezi, kwa M-Pesa, na dipoziti ya mwezi mmoja unapoingia. Mimi mwaka juzi niliomba wasipandishe, keyateka akaniambia niandike barua kwa ejenti. Nikaambatisha meseji zote za malipo. Walikubali mwaka mmoja. Lakini jumba letu lilikuwa na nyumba tatu tupu, nadhani ndicho kilichonisaidia.

Mjomba Shabani: Hicho hasa ndicho. Mwajuma, kwenu mtaani nyumba tupu zipo?

Mwajuma: Jirani kabisa kuna moja, kibao kipo getini tangu Mei. Sijui bei.

Mjomba Shabani: Kaulize. Uliza na nyingine mbili zenye vyumba viwili, sebule, jiko na choo ndani kama yako. Uliza kama mtu anayetafuta, usiseme unakaa wapi. Bila hizo bei unaongea hewani.

Shangazi Zuhura: Mbona mnamchosha mtoto. Mwenye nyumba ni mzazi pia, ampelekee kilo mbili za mchele mzuri waongee.

Mjomba Shabani: Mchele apeleke tu, dada yangu, hauna ubaya. Ila aende na karatasi pia.

Jumapili jioni

Mwajuma: Nimezunguka. Ya jirani, ile yenye kibao, 300,000 na inafanana na yangu. Nyingine 320,000, ina marumaru na dari ya jipsamu. Ya tatu 280,000 lakini maji wanabeba kwa ndoo.

Mjomba Shabani: Safi sana. Kumbe bei ya mtaa kwa nyumba yako ni 300,000 hadi 320,000. Ukimwomba 250,000 atakuona hujui unachosema. Ila 360,000 yake nayo iko juu. Sasa malipo yako: una ushahidi gani?

Mwajuma: Nimelipa mara sita, 1,800,000 kila mara. Nne ni benki, risiti ninazo. Mbili nilimpa mkononi, akaandika kwenye daftari lake.

Mjomba Shabani: Za benki chukua taarifa ya akaunti, zionekane na tarehe. Zile mbili mwombe kwa adabu akusainie karatasi, sasa, kabla hamjaanza kubishana bei. Halafu andika zote sita kwenye ukurasa mmoja: tarehe ya kudaiwa, tarehe uliyolipa, kiasi. Kuna uliyochelewa?

Mwajuma: Moja. Siku tisa, baba Nasra alipolazwa. Nilimpigia simu kabla ya tarehe.

Mjomba Shabani: Iandike na hiyo, na uandike kwamba ulimpigia. Yeye anaikumbuka. Ukiificha, zile tano nzuri ataanza kuzitilia shaka.

Hamisi: Mimi nina njia fupi. Mwekee 1,800,000 yake benki tarehe moja kama siku zote. Akikaa kimya amekubali bei ya zamani.

Mjomba Shabani: Hapana mwanangu, hapo ndipo watu wanaumia. Gawa 1,800,000 kwa 360,000 utapata tano kamili. Ataihesabu ya miezi mitano, Februari anakuja kusema kodi yako imekwisha. Na yule aliyelipa vizuri miaka mitatu sasa anaitwa mdaiwa. Pesa isitoke kabla bei haijakubaliwa.

Hamisi: Sikuliona hilo. Basi na ile kodi ya jengo anayokatwa Mwajuma kwenye LUKU je? Ile ni ya mwenye nyumba, amdai.

Mjomba Shabani: Hapo umesema kweli. Tangu 2021 inakatwa kwenye umeme, na anayedaiwa ni mwenye jengo, hata kama anayenunua umeme ni mpangaji. Mwajuma, mita ni yako peke yako?

Mwajuma: Ndiyo. Nakatwa 1,500 kila mwezi.

Mjomba Shabani: Elfu kumi na nane kwa mwaka. Usianze nayo, utaonekana mtu wa kudai vijisenti. Iweke mfukoni, mkikwama kwenye 5,000 ya mwisho, itoe.

Rehema (Nairobi): Mwajuma, bei ndiyo kitu pekee unachotaka? Mimi nilipokosa punguzo niliomba wabadilishe bomba la jikoni.

Mwajuma: Kweli, kuna simtanki lililopasuka tangu Machi. Maji ya DAWASA yakikatika nanunua. Na pia ningependa kulipa miezi mitatu mitatu. Hiyo sita inanibana mno.

Mjomba Shabani: Chagua. Kodi ya mkupuo ndiyo anayoipenda kuliko zote, wengi wetu tunaipangia ada za shule au tofali kabla haijafika. Ukiomba bei ishuke na pia ulipe kidogo kidogo, umemnyima vyote viwili. Akikupa mitatu mitatu, tegemea bei ya juu. Ukitaka bei, mpe mkupuo, tena mapema.

Mwajuma: Nachagua bei. Mchezo wetu unaniangukia mwanzoni mwa Agosti, naweza kulipa tarehe 10, wiki tatu kabla.

Mjomba Shabani: Hiyo ndiyo silaha yako. Andika ujumbe, tuuone kabla hujautuma.

Jumanne

Mwajuma: Huu hapa: "Shikamoo baba. Nimepokea taarifa ya kodi mpya na nakushukuru kwa kuniambia mapema. Nimekaa kwako miaka mitatu, nimelipa mara sita, orodha nakuletea. Mara moja nilichelewa siku tisa na nilikupigia. Ningependa kuendelea kukaa mwaka mzima. Naomba kodi ibaki 300,000 kwa miezi kumi na miwili, nami nitalipa ya miezi sita ya kwanza tarehe 10 Agosti badala ya mwisho wa mwezi. Pia naomba simtanki libadilishwe. Nyumba zinazofanana na hii hapa mtaani nimeziona kwa 300,000 na 320,000. Naomba nije Jumamosi tuongee."

Shangazi Zuhura: Umeandika vizuri mwanangu. Una adabu.

Hamisi: Mbona umetaja ya 320,000? Unampa bei.

Mjomba Shabani: Nami ningeitoa, Hamisi. Lakini anakaa mtaa huo huo, anazijua. Mwajuma aamue.

Mwajuma: Naiacha ibaki. Akija kuuliza dalali atakuta nilisema kweli.

Jumamosi iliyofuata

Mwajuma: Nimetoka kwake. Alianza na 340,000, anasema saruji imepanda na ana mtoto anaingia chuo. Nikamwonyesha orodha, akaisoma yote kimya, akasaini zile mbili za mkononi. Tukashuka mpaka 320,000. Simtanki atanunua yeye, fundi nilipe mimi. Ile ya LUKU sikuigusa.

Rehema (Nairobi): Hongera dada! Umeokoa 240,000 kwa miezi sita.

Mwajuma: Ila ya mwaka mzima hataki kuiandika. Anasema "tuaminiane, sitapandisha Machi". Mkataba anataka wa miezi sita.

Hamisi: Mzee kashuka 40,000, usimkere tena.

Mjomba Shabani: Mimi ningesisitiza. Bila mwaka kwenye maandishi, umelipa mapema kwa punguzo la nusu mwaka tu. Mwombe mstari mmoja ndani ya mkataba huo huo wa miezi sita: mpangaji akilipa kabla ya tarehe 1 Machi, kodi inabaki 320,000 hadi Agosti. Hapo hajajifunga kwako usipolipa. Akikataa na hilo, lipa tarehe 31, si tarehe 10.

Shangazi Zuhura: Na akikasirika?

Mjomba Shabani: Anaweza. Kwa hilo sina jibu dada yangu, mimi simjui mzee huyo.

Mwajuma: Yuko nyumbani mpaka magharibi. Nimeuandika mstari kwenye karatasi, narudi kwake sasa hivi.

Shangazi Zuhura: Pitia dukani uchukue mchele.

Mwajuma: Ninao tayari shangazi. Niko getini.