Kiinua mgongo cha asilimia 31: mbona nyumba na nauli zimeachwa nje?

Kijana wa Mwingi: Wakenya wenzangu, mkataba wangu wa miaka mitatu na kaunti unaisha Juni. Barua inasema nitalipwa kiinua mgongo cha asilimia 31 ya mshahara wa msingi. Marupurupu ya nyumba na ya usafiri hayamo. Hii ni haki kweli?

Karani Mstaafu: Ndivyo ilivyoandikwa, nawe ulitia sahihi. Tuseme msingi ni 40,000, nyumba 10,000 na nauli 4,000. Msingi wa miezi 36 ni 1,440,000, na asilimia 31 yake ni 446,400. Wangehesabu zote tatu, ungeondoka na 602,640. Kwa hiyo mwajiri mjanja akitaka kukuongeza bila kuubebesha mwisho wa mkataba, ananenepesha nyumba na kuuacha msingi palepale. Wewe unashangilia slipu mpya, kumbe kiinua mgongo hakijasogea hata shilingi.

Shemeji wa Watu: Shukuruni inalipwa mwishoni. Nyinyi vijana wa mikataba mngepewa kila mwezi ingeishia baa.

Nesi wa Zamu ya Usiku: Baa gani? Nina watoto wawili shuleni na chama kila Jumapili. Hiyo pesa ningepewa kila mwezi ningekuwa nimenunua ploti. Badala yake inakaa kwa mwajiri miaka mitatu bila riba, halafu siku ya kulipa unaambiwa bajeti haijapita.

Shemeji wa Watu: Ploti! Haya, tuonyeshe hata ya kuku.

Hesabu Kali: Mnapoteza muda na baa. Inachukuliwa mshahara wa mwisho, unazidishwa kwa miezi yote, ndipo asilimia 31 inatolewa. Rafiki yangu alilipwa hivyo.

Karani Mstaafu: Rafiki yako labda hakuwahi kupandishwa mshahara, ndiyo maana hesabu zote mbili zilimpa jibu moja. Barua nyingi husema msingi uliopatikana katika kipindi cha mkataba. Ukianza na 40,000, mwaka wa pili 42,000 na wa tatu 44,000, jumla ni 1,512,000, na chako ni 468,720. Kwa njia yako ingekuwa 491,040. Mtu akikopa akitegemea hiyo ya pili, ataililia 22,320. Tena, likizo bila malipo haikuzalishii msingi, hivyo miezi hiyo inajitoa yenyewe.

Dada wa Duka: Mimi niko kwa duka la nguo miaka sita, sina barua yoyote. Nikiondoka nidai hiyo 31?

Karani Mstaafu: Hapana, dada. Kiinua mgongo hulipwa kikiwa kwenye mkataba au makubaliano ya chama cha wafanyakazi. Unachotafuta ni malipo ya utumishi, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Hayo nayo hayakuhusu kama tajiri anakulipia NSSF. Anza kwa kuangalia hapo.

Dada wa Duka: Anakata. Kama anapeleka, sijui.

Mpiga Kura Mchovu: Na wawakilishi wadi je? Nao ni asilimia 31 hiyo hiyo, kwa kulala bungeni miaka mitano.

Shemeji wa Watu: Angalau wao tuliwachagua.

Nesi wa Zamu ya Usiku: Wewe uliwachagua. Mimi siku hiyo nilikuwa wodini.

Mpiga Kura Mchovu: Yaani asiyepiga kura ndiye anayelalamika zaidi. Kenya hii!

Nesi wa Zamu ya Usiku: Njoo uzae usiku wa uchaguzi tuone utahudumiwa na nani.

Mtu wa Dodoma: Majirani, mradi wetu ulitulipa asilimia 25, nao ni msingi tu. Hakuna aliyegoma. Ila mwenzetu aliacha kazi miezi miwili kabla ya mkataba kwisha, akaambulia patupu.

Hesabu Kali: Huo ni wizi. Miezi aliyofanya ni yake.

Karani Mstaafu: Inategemea kifungu. Kuna mikataba inayolipa kwa miezi uliyotumikia, na kuna inayosema ukamilishe kwanza. Kijana, soma barua yako hapo kabla ya kuandika ya kujiuzulu. Uliza pia kama unaweza kuelekeza pesa hiyo kwenye mfuko wa pensheni uliosajiliwa. Ikiingia mkononi moja kwa moja, KRA wanaikata kama mshahara.

Kijana wa Mwingi: Barua yangu inasema "baada ya kukamilisha kwa njia ya kuridhisha". Nani anaamua imeridhisha?

Shemeji wa Watu: Bosi. Mnunulie moja.

Nesi wa Zamu ya Usiku: Nilijua tutarudi baa.

Karani Mstaafu: Omba tathmini yako ya kazi kwa maandishi sasa, wakati bado mnaelewana. Usingoje Juni.

Hesabu Kali: Lakini ya mshahara wa mwisho bado sijakubali. Nitaleta slipu ya rafiki yangu.