Ameiita alama ya `>` pambo mbele ya kikao kizima, na mita za Moshi zimekwama

Wanajamvi, nimetoka kikaoni hapa Arusha sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Yule bwana mnamjua nyote, sina haja ya kumtaja. Amesimama mbele ya wenzetu, akauonyesha mstari wangu kwa projekta, akasema kwamba alama ya `>` ni pambo la watu wanaopenda kujionyesha, na kwamba yeye aliifuta. Pambo!

Mita za maji za Moshi hutuma pakiti ambazo baiti nne za mwanzo hutaja urefu wa ujumbe unaofuata, baiti nzito ikitangulia, kama waraka wa mita unavyoeleza. Mstari wangu ulikuwa huu:

```python
urefu = struct.unpack('>I', kichwa)[0]
```

Yeye akaacha `'I'` peke yake. Ujumbe wa baiti 300 hutanguliwa na `00 00 01 2c`, na kwa `>I` unapata 300 bila shida. Alama ikiondolewa, Python husoma kwa mpangilio wa mashine yenyewe, na seva yetu, kama kompyuta nyingi za siku hizi, huanza na baiti nyepesi, kwa hiyo baiti zilezile zinakuwa 738263040. Programu ikakaa kusubiri baiti milioni mia saba na zaidi kutoka kwa mita iliyokwisha kutuma 300 zake na kunyamaza. Ingesubiri hata theluji ya Kilimanjaro iishe yote. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Mafundi wa Moshi wakalaumiwa kwamba mtandao wao ni mbovu, wakapanda nguzo kukagua antena zisizo na hatia, huku aliyefuta alama akinywa chai. Kisha leo anasema ni pambo, na watu wanacheka!

Mang'ola: Pole, lakini nawe umeandika uzi mzima kwa ajili ya herufi moja. Mafundi waliopanda nguzo ndio wenye haki ya kulalamika.

Kijana wa Soweto: Achaneni na `struct`. Andika `int.from_bytes(kichwa)` tu, nayo husoma baiti nzito kwanza, hapatakuwa na alama ya kufuta.

Mama Njiro: Kijana, hilo ni kweli kuanzia Python 3.11. Kabla ya hapo usipotaja `'big'` programu inakataa, na seva nyingi za maofisini bado ni za zamani. Tena kuna hatari nyingine: `recv(4)` inaruhusiwa kukurudishia baiti chache kuliko ulizoomba. Zikija tatu, `00 00 01`, `struct` itagoma na kusema `unpack requires a buffer of 4 bytes`, lakini `from_bytes` itakupa 1 kimyakimya nawe utaamini. Kwa vyovyote, endelea kusoma soketi mpaka baiti nne zitimie ndipo uzifasiri. Mwenye uzi, nina swali: majaribio yenu yalipitaje?

Mwenye uzi: Dada, hapo ndipo hasira inapozidi. Alitengeneza pakiti ya majaribio kwa `struct.pack('I', 300)` kwenye kompyuta yake, akaisoma kwa `'I'` palepale. Makosa mawili yakakutana, yakatoa 300. Kwa ushahidi huo akaniita mpenda mapambo!

Mama Njiro: Basi jaribio liandikiwe baiti zenyewe, `b'\x00\x00\x01\x2c'`, zilizonakiliwa kutoka pakiti halisi. Mpangilio ni wa pakiti, si wa mashine inayosoma. Wengine hupenda `!` badala ya `>`. Matokeo ni yaleyale, ila `!` humwambia msomaji kwamba data imetoka mtandaoni.

Mang'ola: Mwekee hiyo `!`, pengine ataiogopa kuifuta.

Shamba la Maua: Samahani, mimi nina shida kubwa zaidi. Chumba chetu cha baridi cha kuhifadhia maua, huku Usa River, kimeonyesha nyuzi 4294967291 tangu asubuhi, na meneja ananifokea mimi. Nimeweka `>I` kama mwenye uzi anavyofundisha.

Mama Njiro: Kaka, baiti zako ni `ff ff ff fb`. Herufi kubwa `I` haijui namba hasi. Weka `>i` ndogo, utaona -5.

Kijana wa Soweto: Nyuzi -5 kwa maua? Yameganda hayo.

Shamba la Maua: Kweli imekuwa -5! Lakini kipima joto cha pili nacho sasa kinasoma -1 muda wote, bila kubadilika, na fundi aliyekifunga hapokei simu. Hiyo ni joto au ni ishara kwamba waya umekatika?