Konje yangu ya kwanza peke yangu: Livingstone au Zanzibar?

Binti wa Kamalondo: Wapendwa, mwezi wa saba napata konje ya siku 9. Nina miaka 31 na sijawahi kulala hotelini bila ndugu. Nimebaki na sehemu mbili: Livingstone kwa basi kupitia Kasumbalesa, au Zanzibar kwa ndege. Nataka mlango unaofungwa vizuri, watu wa kuongea nao jioni, na nisimwombe mtu ruhusa ya kutoka. Kiingereza changu ni cha kuhesabia pesa tu.

Mzee wa Ruashi: Livingstone, binti yangu. Mwezi wa saba maporomoko ya Mosi-oa-Tunya yana maji mengi, na mvuke haufuniki kila kitu kama mwezi wa nne. Zanzibar bei hupanda mwezi huo, na kule ni kwa watu wa fungate.

Yaya wa Katuba: Mzee, juu ya maji na bei uko sawa. Lakini dada ameuliza habari za jioni. Maporomoko yako kilomita kama 10 nje ya mji, na usiku tembo huvuka barabara ile, kwa hiyo kila safari ni teksi na Kiingereza. Zanzibar wanacheka kidogo Kiswahili chetu, halafu wanakujibu.

Mimi nililala siku 3 Mji Mkongwe, kisha Paje. Usiku wa kwanza nilikosea: hoteli nzuri, lakini meza zote za watu wawili wawili. Nilikula chakula changu chumbani. Kesho yake nikahamia nyumba ndogo yenye meza moja ndefu. Kufika chai ya asubuhi nilishapata wenzangu wa kwenda Jozani kuona kima punju. Tangu hapo, kwenye picha za hoteli natazama meza kabla ya kitanda. Jioni nilishuka Forodhani kwa miguu kunywa urojo. Mishikaki uliza bei kabla haijaguswa na moto. Papasi, wale vijana wanaowatafutia wageni hoteli, wakikufuata bandarini, sema una mwenyeji, usisimame.

Mama Kipushi: Na bwana wako anasemaje? Binti yangu alizuiwa mpakani akiwa na mtoto mgongoni, sababu hakuwa na kadi ya manjano ya chanjo.

Binti wa Kamalondo: Mama, sina bwana. Kadi ninayo, asante. Yaya, Paje mtu anaogelea saa yoyote?

Yaya wa Katuba: Hapana. Maji yakipwa yanakwenda mbali sana, utawakuta akina mama wa mwani wakiwa kazini. Ukitaka kuogelea wakati wowote, ni Nungwi au Kendwa, ila huko hoteli kubwa ni nyingi, na zile meza za wawili pia. Mjini vaa nguo ya kufunika mabega na magoti. Vichochoro vikishatulia usiku, usitembee peke yako.

Mzee wa Ruashi: Basi uhuru uko wapi, kama usiku hatembei?

Binti wa Kamalondo: Hilo nalo linanisumbua, mzee. Yaya, ile nyumba ya meza ndefu, chumba cha peke yangu kilikuwepo, au ni vitanda vya pamoja tu?