Yule bwana wa "kwangu inafunguka" leo amenimaliza

Wakuu, mnamjua. Zabuni inafungwa saa kumi jioni, saa tisa bado namdai jedwali la bei. Barua pepe inaingia: pembetatu ya rangi ya Google Drive, jina la faili, basi. Nabonyeza, naambiwa "You need access". Nampigia, ananijibu kama mfalme: "Mbona kwangu inafunguka?"

Kwako inafunguka! Faili lako, akaunti yako, nywila yako, lisifunguke kwa nini? Nikabonyeza "Request access", ombi likaenda kwenye barua pepe yake, ambayo huisoma mwezi ukipatwa. Saa kumi ikapita. Mbona kwangu inafunguka! Nitaisikia mpaka kaburini.

Tumeni faili lenyewe, PDF, lisomeke hata mtandao ukikatika!

Chachandu: Mkuu, uzi wako kwangu haufunguki 😂😂

Fundi Kebo: Msimwonee. Faili likizidi MB 25, Gmail yenyewe inaligeuza linki. Ni kulizipu tu.

Karani Mchovu (mwenye uzi): Kurasa 4! Hata MB 1 halifiki!

Bi Seva: Basi hakulazimishwa. Kwenye simu ukigusa kile kibanio cha karatasi zinakuja njia mbili, "Attach file" na "Insert from Drive". Alishika ya pili. Kilichosafiri ni anwani tu, faili limebaki kwake na kufuli lake la "Restricted". Alishushe kwanza kwenye simu likiwa PDF, kisha "Attach file". Faili likiingia kweli, ataona ukubwa wake kando ya jina, KB kadhaa, kabla hajatuma.

Na Fundi, PDF ya kurasa zilizoskaniwa ukiizipu haipungui kitu. Skani upya kwa dpi 150, nyeusi na nyeupe. Ikigoma kabisa, ndiyo utume linki, uiweke "Anyone with the link", halafu uijaribu kwenye dirisha la siri ambalo hujaingia akaunti. Hapo unaona anachokiona mwenzako.

Mama Risiti: Bei za zabuni, "Anyone with the link"? Ikivuja kwa mshindani je? Mimi naandika barua pepe ya mpokeaji tu.

Bi Seva: Sawa, ila wengi umeruhusu anwani yao ya ofisi, wao simu imeingia kwa akaunti binafsi. Wanagonga mwamba uleule.

Mama Risiti: Bora wagonge.

Mwanakikundi: Nyie mna afadhali. Katibu wetu katuma katiba ya kikundi ikiwa .pages, kutoka aifoni. Kompyuta ya ofisi inaonyesha kikaratasi cheupe, haijui iifungue na nini.

Bi Seva: Humo humo kwenye simu yake kuna "Export", achague PDF.

Mwanakikundi: Nilimwambia. Kasema tununue aifoni.

Chachandu: Wa kwetu anapiga picha skrini ya kompyuta, na kidole kimo.

Fundi Kebo: Kidole kimeziba jumla au VAT?

Karani Mchovu: Jamani, zabuni yangu!

Chachandu: Jumla.