Mtihani wa kununua umewauliza wanangu nisichofundisha, na nilichofundisha umeuruka!

Chaki_Malaba (mwanzisha uzi)

Jamani walimu wenzangu wa Kiswahili hapa Uganda, leo nina hasira. Shule imenunua karatasi za kufunga muhula kwa watu wanaouza mitihani. Tumezifungua asubuhi ileile ya mtihani, kidato cha pili.

"Andika katika wingi: Ukuta wangu umeanguka." Ngeli ya U-ZI ni ya muhula ujao! Mtoto mmoja ameandika "Wakuta wangu wameanguka". Nimemwekea kosa mkono ukitetemeka, maana amefuata M-WA nilivyomfundisha.

Usiku nimechukua karatasi nikaandika pembeni ya kila swali: hili linapima tokeo gani la kujifunza? Muhula huu nilikuwa na matokeo matano, vipindi 36. Mazungumzo ya sokoni 10, kutumia M-WA na KI-VI katika sentensi zao wenyewe 8, barua ya kirafiki 8, kusoma na kutoa habari kuu 6, kusikiliza maelekezo na kuyafuata 4.

Karatasi ina alama 50. Ngeli ambazo hatujafika: 8. Methali, ambazo hatujazigusa: 6. Barua rasmi kwa mkuu wa wilaya: 10. Hizo ni alama 24 za hewani! Soko, lililokula vipindi vingi kuliko kitu chochote: sifuri. Kwa uzito wa vipindi lilistahili kama alama 14. Watoto walileta nyanya na matoke darasani tukapatana bei wiki tatu, halafu sifuri.

Angalau alama 26 zilizobaki zimenyooka: ngeli 10, ufahamu 16.

KijanaWaArua

Mwalimu, unalialia. Mtaala ni mpya tangu 2020, wa umilisi. Mtoto akutane na jambo asilolijua, afikiri. Unataka aulizwe yaleyale ya daftarini?

Chaki_Malaba

Afikiri mpaka aizue ngeli?

Bibi_Mtahini

Kijana, umeshika nusu. Kinachopaswa kuwa kigeni ni hali, siyo stadi. Kama nimefundisha kupatana bei ya nyanya, nimpe mteja anayetaka kitenge na ana pesa pungufu. Hali hiyo hajaiona, ila salamu, kuuliza bei na kuomba kupunguziwa anavyo tayari. U-ZI hakuwahi kupewa, kwa hiyo hapo hupimi kufikiri, unapima nani ana mwalimu wa ziada nyumbani.

Lakini Chaki, hata hizo 26 usizishangilie. Wewe umelinganisha mada tu. Tazama kitenzi. Tokeo lako linasema "kutumia katika sentensi zao". Swali linasemaje?

Chaki_Malaba

Jaza pengo: "Ki__ ki__vunjika"...

Bibi_Mtahini

Basi anaweza kukisia bila kutunga sentensi hata moja. Na ufahamu?

Chaki_Malaba

Nimerudi kuangalia. Nani alikwenda, wapi, lini, maana ya maneno manne. Habari kuu hakuna aliyeiuliza. Yaani mtoto ananakili mstari anapata 16. Lo!

Bibi_Mtahini

Ndiyo maana jedwali la utahini hujazwa kabla ya kutunga maswali: matokeo upande mmoja, uzito wa vipindi, kisha alama. Anayeuza karatasi kwa shule nyingi hajui wewe umefika wapi. Ila kosa moja ni lako, mwanangu. Kusikiliza hakupimiki kwa karatasi ile, na kuongea sokoni kwa maandishi unakupima nusu tu. Hayo ulipaswa kuyapima darasani na kuyaandika. Una rekodi?

Chaki_Malaba

Ya soko ninayo. Ya kusikiliza... sina.

Mama_wa_Watatu

Samahani nnyabo na sebo, hivi naweza kukata rufaa UNEB? Binti yangu naye alifeli muhula huu.

KijanaWaArua

Mama, huu si wa UNEB. Ni wa shule.

Fundi_Kemia

Kwetu ni kinyume. Tulitumia muhula kuwafundisha kupima asidi kwa mikono yao, karatasi ikaja "taja rangi ya litmasi". Wanaokariri wakaongoza, aliyekuwa hodari maabara akawa wa mwisho.

Chaki_Malaba

Mkuu wa shule anataka ripoti Ijumaa. Nisahihishe juu ya 26?

Bibi_Mtahini

Unaweza, lakini muda waliopoteza kwenye 24 haurudi. Aliyekwama kwenye barua rasmi huenda hakuufikia ufahamu. Na ripoti itakuwa haisemi lolote juu ya soko wala barua ya kirafiki. Mimi ningeandika alama za soko kando kutoka kwenye rekodi zako, na kesho ningewapa swali moja la barua, dakika 30.

KijanaWaArua

Kesho ni ya kufagia mabweni.

Chaki_Malaba

Nitawapa kabla ya kufagia. Mkuu akikataa nitarudi hapa.