Naomba ushauri: barua ya kuhimiza bakapu kwa AMCOS bila kuwatisha

Wakuu, habari zenu. Naandaa barua kwa AMCOS za kahawa huku Mbozi. Hesabu za wakulima ziko kwenye kompyuta moja, na nakala kwenye flashi isiyochomolewa. Kirusi cha kufunga mafaili kikiingia, flashi nayo imekwenda.

Siandiki "mtapoteza kila kitu", maana stakabadhi za mizani zipo. Nimeandika: "Nakala ikiwa ya Ijumaa na diski ikafa Alhamisi, mtaingiza upya stakabadhi zote za katikati." Makatibu wanaelewa, ila wanauliza, "Mbona kompyuta miaka yote inawaka?" Diski itakufa lini, hakuna ajuaye.

Je, gharama ya kuingiza upya niioneshe kwa siku za kibarua, au niwaombe wafungue faili moja kutoka kwenye nakala? Na kirusi nikitaje baruani, au nikiache kwa mazungumzo?